Mshono wa Majani ya Maboga

Kiwandani walimwita Bi Kengeza, na wala hakuwa na kengeza. Macho yake yalikuwa mawili, yamenyooka, tena yakiona mambo ambayo wenzake wangependa yasionekane. Jina lilitokana na kazi. Kila alipotaka kupima mchoro wa kitambaa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili, akainamisha kichwa upande, akafinya macho yakabaki nyufa mbili, na mdomo ukaenda pembeni kama wa mtu aliyeuma limau. Wapiga chapa walipomwona hivyo mara ya kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina likamganda. Naye hakulikataa. Siku meneja mpya alipouliza mkaguzi wa michoro ni nani, alijibu mwenyewe, "Bi Kengeza ndiye mimi, na ukinipa kazi mbovu utajua kwa nini."

Usidhani alifinya macho kwa madaha. Macho yakiwa wazi huona ua, jani na kikonyo, yakaburudika yakasahau kazi. Yakifinywa, maua yanayeyuka na kinachobaki ni mistari, na mistari ndiyo aliyokuwa akiiwinda. Maana mchoro wa kitambaa ni kipande kimoja tu kinachojirudia: kinapoishia hiki ndipo kinapoanzia kingine, hivyo hivyo mpaka mwisho wa jora. Mchoraji hutazama kipande chake kimoja mezani, kizuri, akajipongeza. Hajui kwamba vikipangwa vingi, pengo dogo alilolisahau kati ya ua na ua litajiunga na wenzake, liwe barabara nyeupe kutoka begani mpaka kwenye pindo. Atakayevaa gauni la kitambaa hicho ataonekana amekatwa vipande viwili, na hakuna atakayemlaumu mchoraji. Watasema kitambaa kibovu.

Kwa hiyo kila mchoro, kabla ya kwenda mashineni, ulipita chumbani kwa Bi Kengeza. Chumba kilikuwa chembamba na kirefu, kama ushoroba uliosahau kuwa chumba, na ukuta mmoja ulifunikwa ubao laini wa kuchomekea pini. Taa hakuitaka mchana. Alikuwa na dirisha kubwa, kopo la pini, mkasi, rula ndefu ya chuma, na maswali matatu asiyoyapunguza hata kwa mtoto wa meneja. Mshono, pale kipande kinapoungana na kingine, unaonekana? Maua yana ukubwa unaoifaa nguo yenyewe? Rangi ni ngapi? Hilo la tatu liliwatoa jasho wengi, kwa sababu kila rangi hutaka fremu yake, na fremu hushuka juu ya kitambaa moja baada ya nyingine, kila moja ikiacha rangi yake. Mashine yao ilikuwa na nafasi za fremu nane, lakini mbili zilikuwa zimekufa zikisubiri vipuri. Zilibaki sita. Ukimletea rangi saba, alikurudishia kabla hujakaa.

Sasa mwanawe wa pekee akaoa, na kati ya wanawake wote wa dunia hii, akaoa mchoraji.

Bi Kengeza alimpenda mkwe wake tangu mwanzo, hilo lisemwe wazi. Msichana alikuwa mchangamfu, mwenye mkono mwepesi, na hakuwa na ile tabia ya kuguna badala ya kujibu. Wanandoa hao walikaa kwake wakati wakitafuta nyumba. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa, siku ya tatu alikwenda kujitafutia jembe mwenyewe, na akaenda kulitafuta kiwandani. Bi Kengeza alijua habari hizo alipokutana naye ushorobani na bomba la karatasi kwapani.

"Ungeniambia," alimwambia jioni, wakichambua mchele.

"Ningekuambia, mama, watu wangesema umeniingiza wewe."

Jibu hilo lilimpendeza na kumuudhi kwa pamoja. Akaweka sheria papo hapo: chini ya paa lile mchoro hautajwi, hautazamwi, hauombewi ushauri. Viatu unavua mlangoni, na michoro unaiacha hapo hapo.

Mkwe alikuwa kwenye majaribio. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa kwamba mchoraji mpya alete michoro mitatu, na angalau mmoja upate muhuri wa mkaguzi. Usipopata hata mmoja, kwaheri ya kuonana, na kulikuwa na mwingine aliyekuwa akisubiri nafasi hiyo hiyo. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa maua makubwa kama sinia, eti kwa blauzi. Bi Kengeza alikata blauzi ya karatasi, akaiweka juu, likaingia nusu ua na kikonyo. Ukaanguka. Wa pili ulikuwa na ile barabara nyeupe. Ukaanguka nao.

Kiwandani minong'ono ilitapakaa. Wengine walisema anambania mkwe wake, kwani mama mkwe ni mama mkwe tu hata akivaa miwani ya kazi. Wengine walisema mnangoja nini, wa tatu atampitisha, damu nzito kuliko maji. Nyumbani hali ilikuwa ya adabu mno, na adabu ikizidi ndani ya nyumba ujue kuna jambo. Mwanawe akashindwa kuvumilia.

"Mama, hata huruma kidogo huna?"

"Ninayo, mwanangu. Iko jikoni, ukiwa na njaa njoo nikupakulie."

Maneno yalitoka mepesi, lakini usiku ule alijigeuza kitandani kama chapati. Mchoro wa tatu ukianguka, msichana ataondoka kiwandani, na kila siku watakayoketi meza moja, jambo hilo litaketi nao. Alilijua hilo. Alijua pia kwamba hatabadili hata nukta moja kwa sababu yake. Basi akalala.

Mchoro wa tatu ulifika asubuhi. Ulikuwa wa majani ya maboga: mtambaa unaojisokota, majani mapana yenye mishipa, vikonyo vinavyojikunja, maua ya njano, ya machungwa, mekundu na ya buluu, vivuli vya kijivu, na hapa na pale kiboga kidogo cha kahawia, vyote vikiwa vimezungushiwa wino mweusi mwembamba. Oda ilikuwa ya magauni ya watoto. Mchoraji hakuruhusiwa kuwamo chumbani mkaguzi akifanya kazi, kwa hiyo mkwe aliuacha juu ya meza akasema, "Shikamoo, mama," akatoka bila kugeuka nyuma.

"Marahaba," Bi Kengeza aliuambia mlango.

Alianza na mshono. Alichukua nakala moja akaikata katikati kwa urefu, akaikata tena kwa upana, akabadilisha vipande mahali pake, vya nje vikawa ndani, ili kingo zilizokuwa mbali zikutane uso kwa uso. Kila kikonyo kiliungana na mwenzake. Jani lililokatwa huku lilimalizikia kule bila kuyumba. Akachomeka nakala tisa ukutani, tatu kwa tatu, akarudi nyuma, akafinya macho. Hakuna barabara. Akazigeuza juu chini, kwa sababu jicho likishazoea kitu huanza kukisamehe. Bado hakuna. Mtambaa ulikuwa umepita kila pengo ukaliziba, na Bi Kengeza akajikuta anatabasamu peke yake. Pembeni mwa karatasi akaandika: mshono umepita.

Kwa ukubwa alikuwa na kifaa chake, karatasi ngumu aliyoitoboa tundu lenye umbo la kifua cha gauni la mtoto. Aliiburuza juu ya mchoro huku na huku, akitazama kinachoingia tunduni. Popote alipoisimamisha aliona jani zima, ua zima, na mtambaa wa kuviunganisha. Hakuna mtoto ambaye angevaa nusu boga. Msichana alikuwa amejifunza kutokana na yale masinia. Ukubwa umepita.

Akaja kwenye rangi, akahesabu. Njano. Buluu. Nyekundu. Kahawia. Kijivu cha kivuli. Nyeusi ya wino. Halafu kijani cha majani, rangi iliyojaa kuliko zote. Halafu ile ya machungwa. Nane. Akahesabu tena kwa kidole, kama anahesabu vifaranga, zikabaki nane. Na pembeni, kwa mwandiko wa mkwe wake, palikuwa pameandikwa: fremu sita.

Alikwenda mlangoni akamwita.

"Mwanangu, hapa umeandika sita. Mimi naona nane."

"Rangi nane, mama. Fremu sita."

"Tangu lini rangi ikaja bila fremu?"

"Kijani sijakiwekea fremu. Njano inashuka kwanza, buluu inashuka juu yake, zikikutana ndiyo kijani chenyewe. Na nyekundu juu ya njano ndiyo hii ya machungwa."

Bi Kengeza aliufahamu mtindo huo, tena aliufahamu kwa uchungu. Zamani mchoraji mmoja aliujaribu, na majora kwa majora yalitoka na rangi ya matope. Tangu hapo alikuwa amepiga marufuku rangi kupandiana, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu.

"Kompyuta unayochorea itakuambia lolote unalotaka kusikia," alisema. "Kwenye kitambaa, rangi ya juu inaifunika ya chini, halafu inachafuka. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Hiyo ilikuwa ile rangi nzito, mama, iliyokuwa ikikaa juu ya kitambaa kama rangi ya ukuta. Siku hizi tunatumia hii inayopenya ndani ya uzi. Hii haifuniki, inachanganyika." Msichana hakupandisha sauti. "Mimi si kwamba nabahatisha. Niliuliza chumba cha rangi kabla sijachora hata jani moja."

Ni kweli rangi ilikuwa imebadilishwa, tena alikuwapo mapipa mapya yalipoingia, na alilalamikia harufu. Lakini hakurudi kuitazama upya ile marufuku yake. Mtu akishazoea kuwa sahihi, husahau kukagua alichokikagua zamani.

"Maneno mengi," alisema mwishowe. "Tukapige chapa tuone."

Aliyesimamia meza ya majaribio alikuwa fundi mzee wa utani, mpole wa mikono. Alitengeneza fremu sita za mkono, na siku iliyofuata akanyoosha kitambaa cheupe juu ya meza ndefu. Alipiga njano sehemu ya kwanza, akaruka ya pili, akapiga ya tatu, akaruka ya nne, kisha akarudi kuziba alizoruka, ili fremu isikanyage rangi mbichi. Ikafuata nyekundu, ikafuata buluu, na nyingine mpaka nyeusi. Rangi zikiwa bado mbichi zilionekana za ovyo kabisa. Fundi hakujali. Kitambaa kilikwenda kwenye mvuke ili rangi ishike, kikafuliwa, kikakaushwa, na mchana kikarudi mezani.

Kijani kilikuwa kijani. Si cha matope wala cha kufifia, kijani cha shamba baada ya mvua. Ya machungwa iling'aa. Meneja, aliyekuwa ameshuka makusudi kuona mbivu na mbichi, alikishika kitambaa kwa ncha mbili akakipepea.

"Rangi nane kwa fremu sita," alisema. "Na zile nafasi mbili mbovu acha zisubiri vipuri vyake taratibu. Bi Mkaguzi, leo umepatikana."

"Nimepatikana," Bi Kengeza alijibu. "Idadi nilikosea mimi. Andika hivyo."

Fundi mzee akampa mkwe mkono. Wapiga chapa waliokuwa karibu wakatabasamu. Msichana mwenyewe alikuwa ameshika ukingo wa meza kama anayeogopa kuanguka kwa raha, na usoni mwake Bi Kengeza aliona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu siku ya harusi. Ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni muhuri.

Basi kwa mazoea tu, kwa mazoea matupu, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akainamisha kichwa. Akafinya macho.

Ulikuwepo. Mwembamba kama unywele, uliopita kitambaa upande hadi upande, ukapotea, na baada ya urefu wa fremu moja ukajitokeza tena, na tena. Mstari wa kijani kilichokolea kuliko kijani kingine. Alifumbua macho, ukatoweka. Akayafinya, ukarudi.

Alielewa mara moja. Pigo moja la fremu linapoishia na jingine linapoanzia, huachwa ukingo mdogo wa kulaliana, maana kitambaa huvutika, na usipolaza kidogo patatokea ufa mweupe. Kwa rangi nzito za zamani, kulaliana huko hakukuonekana: rangi juu ya rangi ile ile, basi. Lakini hii inayopenya, ikipigwa mara mbili mahali pamoja, hukolea. Ule ule uzuri uliozaa kijani ndio uliozaa mstari. Na mshono ule yeye mwenyewe aliupitisha, kwa sababu karatasi haina mvuke wala hailaliani na mwenzake.

Hakuna mwingine aliyeuona. Meneja alikuwa anazungumza habari za oda. Bi Kengeza angeweza kwenda mezani, akagonga muhuri, na jioni ile nyumbani kwake kungekuwa na kicheko. Nisikudanganye kwamba hakulifikiria. Alilifikiria vizuri, akaona na sura ya mwanawe. Na aliona magauni ya watoto, kila moja na mstari wake tumboni, na jina la mkwe wake likitajwa kiwandani kila jora litakaporudishwa.

"Kuna mstari," alisema.

Meneja aliinama, akatazama, akasema haoni kitu. Fundi akasema haoni. Mkwe hakuinama. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukutani, akasimama kando ya mama mkwe wake, akafinya macho vile vile.

"Upo," alisema taratibu.

"Basi mchoro umeshindwa," meneja alisema, kwa sauti ya mtu anayesikitika lakini ana haraka. "Na ulikuwa wa tatu."

"Sijasema umeshindwa," alisema Bi Kengeza. "Nimesema kuna mstari. Jana niliukataa kwa rangi, nikakosea. Nikaupitisha kwa mshono, nikakosea. Ukaguzi wenye makosa mawili si ukaguzi, kwa hiyo mchoro huu haujakaguliwa. Utakaguliwa kesho."

Meneja alimtazama, akatazama kitambaa, akatazama saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, fundi mzee alimkumbusha kwa upole, na majora yakishachapwa ukuta huo utajengwa na ofisi yake. Akakubali kesho, lakini kesho moja tu.

Jioni ile mkwe alitandaza karatasi juu ya meza ya kulia. Sheria ya nyumba ilikuwa inavunjwa waziwazi, na Bi Kengeza aliyaona hayo akipita na sahani. Hakukemea. Wala hakutazama. Kusema kweli ilimuuma kutotazama, kwa sababu dawa alikuwa anaijua, ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na kumwambia neno moja tu kungemaliza shida yote. Lakini mkaguzi akipitisha dawa yake mwenyewe, huo ni muhuri gani? Alimwekea msichana chai karibu na mkono, mbali na karatasi, akaenda chumbani kwake akafunga mlango, asije akashindwa.

Fundi alitengeneza fremu upya asubuhi, akapiga chapa, mvuke ukafanya kazi yake. Kitambaa kilipokauka walikitundika kwenye ukuta mrefu wa chumba cha mkaguzi. Meneja alikuja akasimama mlangoni. Mkwe, kwa mara ya kwanza, aliruhusiwa kubaki ndani.

Bi Kengeza alirudi nyuma. Akafinya macho. Aliona majani ya maboga. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akakigeuza kitambaa juu chini, akarudi tena ukutani, akafinya mpaka machozi yakamlenga. Hakuona mstari. Akachukua rula ya chuma akapima urefu wa fremu kutoka kwenye ua moja hadi ndugu yake, akajua kwa hesabu mshono uko karibu na wapi, akaweka pua pale pale. Majani tu. Katika miaka yake yote chumbani humo, hapakuwahi kupita mshono asioupata. Mishono iliyopita ilipita kwa sababu ilikuwa imefichwa vya kutosha wengine wasiione, si yeye.

Alichukua muhuri akagonga. Ulilia puu mezani. Meneja akasema hongera, akampa msichana mkono, akamwambia Jumatatu aje kama mfanyakazi, si kama mgeni, akaondoka na haraka zake.

Walibaki wawili. Bi Kengeza hakuwa na haja tena ya kuuliza, kazi ilikuwa imekwisha, lakini hakuweza kuondoka.

"Nionyeshe," alisema. "Uko wapi?"

Mkwe alisogea kwenye kitambaa, akaweka kidole kwenye ukingo wa jani. "Sikuupitisha moja kwa moja, mama. Nimeufanya utembee. Umefuata wino mweusi tu. Nyeusi hata ikipigwa mara mbili inabaki nyeusi, na kulaliana kwa rangi zote nyingine kumefichwa chini yake." Kidole kilizunguka jani, kikashuka na kikonyo, kikapanda mgongo wa boga, kikaingia ua la pili.

Hiyo ndiyo dawa iliyokuwa kwenye ncha ya ulimi wake jana, lakini yeye angeupitisha njia fupi, jani kwa jani. Huyu ameuzungusha shamba zima. Bi Kengeza aliinua mkono wake akaweka kidole nyuma ya kidole cha mkwe, akakifuata polepole kila kona, mpaka wakafika upande wa pili wa kitambaa.

"Umenishinda," alisema. "Nimefurahi mpaka naona aibu."

Msichana alikuwa analia, na Bi Kengeza akamwacha alie, akasimama naye pale pale wakitazama majani.